Nafasi ya kivumishi katika Kihispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kawaida kivumishi cha Kihispania hukaa wapi?

Hukaa baada ya nomino, kama katika Kiswahili. Nyumba nyeupe ni *una casa blanca*, maji baridi ni *agua fría*, kitabu kigumu ni *un libro difícil*. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza Kihispania hapati shida hapo. Shida huja baadaye, kwa sababu Kihispania huruhusu vivumishi vingi kusogea na kutangulia nomino, na Kiswahili hakina mazoea hayo (tuna *kila mtu*, lakini *kila* haisogei na haibadilishi maana). Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huweka kila kivumishi nyuma, sentensi inakuwa sahihi kisarufi, na msikilizaji anaelewa jambo jingine kabisa. Hakuna atakayekusahihisha, maana hakuna kosa linaloonekana.

Kikitangulia nomino, kinabadilisha nini?

Kivumishi kinachofuata nomino huchagua. Kinatenga baadhi ya vitu kutoka katika kundi. Kivumishi kinachotangulia hakichagui. Kinaeleza sifa ambayo msemaji anaichukulia kuwa tayari ni ya kitu hicho, au kinatoa hisia na maoni yake.

Linganisha sentensi hizi mbili:

*Los estudiantes aplicados aprobaron.*
*Los aplicados estudiantes aprobaron.*

Ya kwanza inasema kwamba wanafunzi wenye bidii walifaulu. Wapo wengine wasio na bidii, na sentensi haisemi kilichowapata, ingawa msikilizaji atahisi kwamba hawakufaulu. Ya pili inasema kwamba wanafunzi wote walifaulu, na msemaji anawasifu wote kwa bidii yao.

Hapa ndipo penye mtego wa *mi esposa bella*. Kwa Kiswahili “mke wangu mzuri” ni sifa tu. Kwa Kihispania kivumishi kilichowekwa nyuma kinaweza kuleta swali: kwani yuko mwingine asiye mzuri? Anayetaka kumsifu mkewe husema *mi bella esposa*. Kwa sababu hiyo hiyo washairi huandika *la blanca nieve*: theluji yote ni nyeupe, hakuna ya kutengwa na nyingine.

Je, *un viejo amigo* na *un amigo viejo* vinatofautianaje hasa?

*Un viejo amigo* ni rafiki wa siku nyingi. Anaweza kuwa na miaka 25, mradi mmefahamiana tangu utoto. *Un amigo viejo* ni rafiki mwenye umri mkubwa. Anaweza kuwa na miaka 80 nawe umemfahamu wiki iliyopita.

Sababu yake ni hii. Neno *amigo* limebeba vitu viwili kwa pamoja: mtu, na uhusiano wa urafiki kati yake na mtu mwingine. Kivumishi kinapotangulia hugusa uhusiano: urafiki ndio wa muda mrefu. Kinapofuata hugusa mtu mwenyewe: mwili wake ndio uliozeeka. Ukilishika jambo hili, huhitaji kukariri, kwa sababu litakusaidia kwenye nomino zote zinazotaja uhusiano au mazoea ya watu. *Un viejo enemigo* ni adui wa miaka mingi, *un viejo conocido* ni mtu mnayejuana zamani, *una vieja costumbre* ni desturi ya tangu hapo.

Kivumishi hufuata jinsia na idadi ya nomino popote kilipo: *un viejo amigo, una vieja amiga, dos viejos amigos, dos viejas amigas*.

Kuna jambo la adabu pia. Kwetu kumwita mtu *mzee* ni heshima. Neno *viejo* baada ya nomino linaweza kusikika kama kumdharau mtu kwa umri wake. Ukitaka kusema kwa heshima kwamba rafiki yako ni mtu mzima, tumia *mayor*: *un amigo mayor*, *un señor mayor*. Hata hivyo usishangae ukimsikia Muajentina akimwita baba yake *mi viejo*. Hapo *viejo* ni nomino, na ni neno la mapenzi.

Mbona *una vieja casa* bado ni nyumba kuukuu?

Kwa sababu *casa* haitaji uhusiano wa mtu na mtu. Ni kitu tu, na uzee hauna pengine pa kushika isipokuwa kuta na paa. *Una casa vieja* na *una vieja casa* zote ni nyumba iliyochakaa au ya miaka mingi. Tofauti iliyobaki ni ya sauti: ya kwanza ni taarifa, ya pili ina ladha ya masimulizi, kama msimuliaji anayetukaribisha ndani.

Ni vizuri kulijua hili mapema, maana orodha za jozi zinazosambazwa kwa wanafunzi hufanya ionekane kwamba kila kivumishi hubadilisha maana kila kinaposogezwa. Sivyo. Mabadiliko makubwa ya maana yamo katika vivumishi vichache, navyo hutegemea nomino vinayoambatana nayo. Vingine vikisogea hubadilisha tu mkazo, au ile kazi ya kuchagua.

*Antiguo* inatofautiana vipi na *viejo*?

Kikitangulia nomino inayotaja kazi, cheo au mali ya mtu, *antiguo* humaanisha “aliyekuwa” au “iliyokuwa”. *El antiguo director* ni mkurugenzi aliyetangulia. *Un antiguo alumno* ni mtu aliyesoma shule hiyo na sasa ametoka. *Mi antigua casa* ni nyumba niliyokuwa nikiishi, hata kama ilijengwa mwaka 2020. Kikifuata, humaanisha -kongwe: *una casa antigua* ni nyumba ya kale, na mara nyingi yenye thamani kwa ukale wake, wakati *una casa vieja* inaweza kuwa imechakaa tu.

Kiswahili “rafiki wa zamani” kinaweza kubeba maana mbili: wa tangu zamani, au aliyekuwa rafiki na sasa siye. Kabla ya kutafsiri, amua unakusudia ipi. Kama urafiki bado upo, sema *un viejo amigo*. *Un antiguo amigo* inaweza kumfanya msikilizaji adhani mliachana, ingawa muktadha mwingine unairuhusu imaanishe rafiki wa muda mrefu. Ukitaka kueleza bila utata kwamba urafiki umekwisha, tumia kitenzi: *éramos amigos*, tulikuwa marafiki.

Gari langu ni la mtumba lakini nimelinunua juzi. Ni *nuevo coche* au *coche nuevo*?

*Mi nuevo coche*. Kikitangulia, *nuevo* humaanisha kingine, kilichochukua nafasi ya cha kwanza. Kwa hiyo *mi nuevo coche es de segunda mano* ni sentensi isiyojipinga hata kidogo: gari langu la sasa ni la mtumba. *Un coche nuevo* huelekea gari ambalo halijatumiwa na mtu, jipya kutoka dukani.

Nasema huelekea kwa makusudi. Katika mazungumzo watu husema pia *mi coche nuevo* wakimaanisha tu lile walilolinunua hivi karibuni, hasa wanapolilinganisha na *mi coche viejo*, lile la kwanza. Hilo halivunji kanuni. Msemaji ana magari mawili akilini na anachagua moja, na kazi ya kuchagua ni ya kivumishi kinachofuata. Kwa hiyo kutanguliza *nuevo* kunakupa uhakika wa maana ya “kingine”. Kukiweka nyuma kunaacha mlango wazi kidogo. Muuzaji wa magari atakayetaka kuondoa shaka atasema *un coche completamente nuevo*.

(*Coche* ni neno la Hispania. Kolombia utasikia zaidi *carro*, Meksiko *carro* na *coche*, Ajentina na Chile *auto*. Kanuni haibadiliki.)

Kwa nini *grande* hugeuka *gran*, na lini?

Hukatwa inapotangulia nomino ya umoja, ya kiume au ya kike: *un gran hombre, una gran mujer*. Katika wingi hurudi nzima: *grandes hombres, grandes mujeres*. Ikifuata nomino haikatwi kamwe.

Maana: *un gran hombre* ni mtu mashuhuri au mwenye utu mkubwa, na anaweza kuwa mfupi. *Un hombre grande* ni mtu wa umbo kubwa. Katika nchi kadhaa za Amerika ni mtu wa makamo au mzee. Ila usidhani kwamba *gran* huwa ya sifa kila mara. Kwa mambo yasiyoshikika na kwa wingi wa vitu huonyesha ukubwa wa kawaida: *un gran problema* ni tatizo kubwa, *una gran cantidad de agua* ni maji mengi. Sifa huonekana waziwazi kwa watu na kwa kazi zao.

Miongoni mwa vinavyokatwa kwa njia inayofanana ni *bueno, malo, primero* na *tercero*, lakini hivi hukatwa kabla ya nomino ya kiume ya umoja tu: *un buen médico, un mal día, el primer piso, el tercer hijo*. Kwa kike hubaki kamili: *una buena idea, la tercera hija*. Kosa linalojirudia ni *una buen amiga*, linalotokana na kufuata mfano wa *gran*. Mkato hubaki hata kivumishi kingine kikiingia kati: *el primer gran éxito*.

Je, *un pobre hombre* ana fedha?

Huenda anazo nyingi. *Pobre* inayotangulia ni ya huruma: mtu wa kusikitikiwa, aliyefikwa na jambo. *¡Pobre mujer!* unaweza kusema juu ya tajiri aliyefiwa. Wakati mwingine huruma hiyo hugeuka dharau, na *es un pobre hombre* ikawa na maana kwamba mtu huyu si kitu. Sauti na muktadha ndivyo vinavyoamua, kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliye mbele yako kama hujazoea. *Un hombre pobre* ni maskini, asiye na mali, basi.

Ni jozi gani nyingine ninazopaswa kuzijua?

*Cierto* ndicho kinachowapotosha wasomaji wengi wa habari. Kikitangulia ni “fulani”: *cierto día* ni siku moja, *ciertas personas* ni watu fulani. Kikifuata ni “kweli”: *una noticia cierta* ni habari ya kweli. Mwandishi wa gazeti anayeandika *ciertas noticias* hajasema hata neno moja juu ya ukweli wa habari hizo.

*Único*: *la única oportunidad* ni nafasi pekee iliyopo, *una oportunidad única* ni nafasi ya kipekee. Pamoja na *hijo* kuna msemo uliokwisha kukaa: *es hijo único* maana yake hana ndugu.

*Alto*: *un alto funcionario* ni ofisa wa ngazi za juu, *un funcionario alto* ni mrefu wa kimo. *Simple*: *una simple pregunta* ni swali tu, wala si zaidi, *una pregunta simple* ni swali rahisi. *Puro*: *pura mentira* ni uongo mtupu, *aire puro* ni hewa safi. *Diferentes* ikitangulia ni “mbalimbali”, ikifuata ni “tofauti”: *hablé con diferentes personas* ni kwamba nilizungumza na watu kadhaa, *son personas diferentes* ni kwamba hawafanani.

Kuna njia ya kupima bila kukariri orodha?

Ipo. Weka *que es* kati ya nomino na kivumishi, kisha uangalie kama maana uliyoikusudia imebaki. *Un amigo que es viejo*: rafiki ambaye ni mzee. *Un funcionario que es alto*: ofisa ambaye ni mrefu. *Una noticia que es cierta*: habari ambayo ni ya kweli. *Una casa que es antigua*: nyumba ambayo ni kongwe. Kila mara kitenzi *ser* hutoa maana ile ile ya kivumishi kinachofuata nomino. Ikiwa hiyo ndiyo unayoitaka, kiweke nyuma. Ikiwa maana yako imepotea, kitangulize.

Hapa pia ndipo unapoona mpaka wa maana ya kutangulia: haiwezi kuvuka kitenzi. *Mi amigo es viejo* haiwezi kamwe kumaanisha kwamba tumefahamiana siku nyingi. Itakubidi useme *somos amigos desde hace muchos años*.

Vivumishi gani havisogei?

Vile vinavyotaja aina, asili au taaluma hubaki nyuma daima katika lugha ya kawaida: *energía solar, un profesor español, las elecciones presidenciales*. Ukisema *una solar energía* umekosea waziwazi. Utavitambua kwa sababu havikubali *muy*. Hakuna uchaguzi ambao ni “wa urais sana”. Kivumishi chenye maelezo marefu nyuma yake nacho hubaki nyuma, kama *un vaso lleno de agua*.

Vichache hutangulia daima. *Presunto* ni wa kila siku katika habari za mahakama: *el presunto asesino*, mtuhumiwa wa mauaji. *Mero* nacho hutangulia: *una mera coincidencia*.

Nikiwa na vivumishi viwili au vitatu, nivipangeje?

Chukua “divai nyekundu ya Hispania iliyo bora sana”. Anza na kivumishi cha aina, kile kinachounda jina la kitu pamoja na nomino: *vino tinto*. Hicho hugusana na nomino, na hakuna kitakachoingia kati. Kisha asili: *vino tinto español*. Mwisho maoni yako, ambayo yanapenda kutangulia: *un excelente vino tinto español*. Ukiandika *un vino español tinto* umevunja kiungo cha *vino tinto*, na msomaji atasita.

Vivyo hivyo mgogoro mkubwa wa kiuchumi ni *una grave crisis económica*, au *una crisis económica grave*, lakini si *una crisis grave económica*.

Vivumishi viwili vinavyofuata nomino na vilivyo vya namna moja huunganishwa kwa *y*: *un hombre alto y fuerte*. Vya namna tofauti haviunganishwi; *un vino tinto y español* inasikika kama hesabu ya sifa mbili zisizohusiana.

Naweza kuona kifungu kizima kilichofanyiwa kazi?

Tuseme unataka kuandika hivi: “Juzi nilikutana na rafiki yangu wa tangu utotoni. Sasa ni ofisa wa ngazi za juu wizarani na ana gari jingine, la mwaka 2009. Aliniambia kwamba shule yetu ya zamani haipo tena, na kwamba pale pana jengo jipya refu sana.”

*Anteayer me encontré con un viejo amigo de la infancia. Ahora es un alto funcionario del ministerio y tiene un nuevo coche, de 2009. Me contó que nuestra antigua escuela ya no existe y que en su lugar hay un edificio nuevo y muy alto.*

*Viejo* imetangulia kwa kuwa urafiki ndio wa zamani. *Alto* ya kwanza imetangulia kwa kuwa inahusu cheo. Ingefuata, ungekuwa umempima kimo. *Nuevo* ya gari imetangulia kwa kuwa gari la 2009 si jipya, ni jingine tu. *Antigua* imetangulia kwa kuwa ni shule tuliyosoma, pengine haikuwa kongwe. Kwenye jengo mambo yamegeuka: kweli ni jipya, kweli ni refu, hivyo vivumishi vyote viwili vimefuata na kuunganishwa kwa *y*. Jaribu *que es* kwenye kila kimoja, utaona ni viwili hivi vya mwisho tu vinavyobaki na maana yake.

*Muy* inaathiri nafasi?

Mara nyingi huvuta kivumishi nyuma: *un hombre muy grande*, na *muy gran* haisikiki sana. *Un amigo muy viejo* ni mzee sana wa umri. *Buena* huvumilia: *una muy buena idea* ni ya kawaida kabisa. *Un muy viejo amigo* inawezekana pia, ikibaki na maana ya urafiki wa muda mrefu, lakini katika mazungumzo ni rahisi zaidi kusema *un amigo de toda la vida*, rafiki wa maisha yote, na hapo hakuna wa kukuelewa vibaya.